Kiuno kinapopotea ndani ya nguo: utatuzi kwa mwenye umbo la namba nane asiyetaka nguo za kubana

Kwenye umbo la namba nane, kifua na makalio hukaribiana vipimo, na kiuno huwa chembamba kuliko vyote viwili, mara nyingi kwa sentimita 20 na zaidi. Nguo nyingi zilizokatwa kwa kulegea zina tofauti ndogo sana kati ya kifua na kiuno, na nyingine hazina tofauti kabisa. Ukichukua inayoenea kifuani, kiunoni inabaki pana. Ukichukua inayokaa kiunoni, kifuani haifungi. Ndiyo maana wengi huishia kwenye vitambaa vinavyovutika, kwa sababu vyenyewe hufuata mwili hata kama fundi hakukata umbo lolote.

Lakini kiuno huonekana kwa sababu ya tofauti iliyoshonwa kwenye nguo, yaani nguo yenyewe iwe nyembamba pale mwili ulipo mwembamba na pana pale mwili ulipo mpana. Nguo inaweza kuwa na tofauti hiyo na bado ikakaa mbali kidogo na ngozi pande zote. Matatizo yaliyo hapa chini karibu yote yanatokana na tofauti hiyo kukosekana, au kuwekwa mahali pasipo pake.

Kabla ya kutafuta tatizo: jua kiuno chako kiko wapi

Funga uzi au kipande chembamba cha lastiki tumboni, usikaze. Inama upande wa kulia, kisha wa kushoto, halafu tembea kidogo. Uzi utatelemka au kupanda mpaka utulie mahali pembamba kuliko pote. Hapo ndipo kiuno kilipo. Kwa wengi ni juu kidogo ya kitovu, si pale suruali inapokaa. Uache uzi huo mwilini wakati wote unapojaribu nguo, kwa sababu kila jibu linategemea pale ulipo. Chukua vipimo vitatu: kifua mahali kilipojaa zaidi, kiuno juu ya uzi, na makalio mahali palipo papana zaidi. Vaa sindiria utakayovaa na nguo hiyo, maana sindiria nyingine hubadilisha kipimo cha kifua na urefu wake pia.

Dalili: nguo inaanguka moja kwa moja kutoka kifuani na mwili mzima unaonekana mpana

Hii ndiyo dalili kubwa, na nitakaa nayo kuliko nyingine. Unavaa gauni lisilobana, mabega yako sawa, kifua kiko sawa, lakini ukijitazama kwenye kioo unaona upana wa kifua umeendelea mpaka chini. Ukigeuka ubavu, mbele kitambaa kinaning'inia kutoka ncha ya titi, na nyuma kinaning'inia kutoka kwenye kombe la bega. Katikati ya vituo hivyo na makalio hakuna kinachokigusa wala kukielekeza.

Jipime hivi. Mtu akusaidie kushika kitambaa kilichozidi nyuma, usawa wa uzi, akibane taratibu kwa vidole bila kukivuta mpaka kiguse ngozi. Tazama mishono ya ubavuni. Ikibaki imenyooka kutoka kwapani kwenda chini na umbo likajitokeza, tatizo liko nyuma tu, na marekebisho ni madogo. Ikivutwa kwenda nyuma, basi kitambaa kimezidi mbele na nyuma, na kupunguza upande mmoja kutaipinda nguo.

Sababu ni kwamba nguo haina dati za kiunoni. Dati ni ile sehemu ya kitambaa inayokunjwa kwa ndani na kushonwa, ikiwa pana kiunoni na kuishia kwa ncha nyembamba juu na chini. Kazi yake ni kuondoa kitambaa pale tu kisipohitajika, huku kifua na makalio vikiachiwa nafasi yake.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kumwambia fundi apunguze ubavuni peke yake. Kwa sentimita 4 hadi 6 kwa jumla hakuna shida. Zaidi ya hapo mshono wa ubavuni unalazimika kuingia ndani ghafla na kutoka tena ghafla, na kitambaa kisichovutika hakikubali kona kali namna hiyo. Utaona mikunjo ya mlalo inayotoka kwenye mshono kuelekea tumboni, na bado mgongoni kitambaa kimezidi, kwa sababu kilichokuwa kimezidi pale hakikuguswa.

Tuchukue mfano mmoja mpaka mwisho. Mwili una kifua sentimita 100, kiuno 74, makalio 104. Gauni la pamba laini, lisilovutika, lina sentimita 108 kifuani, 98 kiunoni na 112 kwenye makalio. Kifuani na kwenye makalio kuna nafasi ya sentimita 8, ambayo inatosha na haibani. Kiunoni kuna nafasi ya 24, na hapo ndipo umbo lilipopotelea.

Hatutaki kuondoa zote 24. Mtu akikaa au akila, kiuno huongezeka, na nguo isiyobana inahitaji sentimita 5 au 6 za kupumulia. Tukiacha 6, kiuno cha gauni kiwe 80. Maana yake tuondoe sentimita 18, na tunazigawa hivi:

Ubavuni tunaondoa sentimita 3 kila upande, jumla 6. Mshono mpya unaanza sentimita chache chini ya kwapa, unaingia taratibu mpaka usawa wa uzi, kisha unarudi kwenye mshono wa zamani kabla ya kufika sehemu pana ya makalio. Nyuma tunashona dati mbili, kila moja inaondoa sentimita 3.5, jumla 7. Kila dati iko takriban katikati ya uti wa mgongo na mshono wa ubavuni, inaanzia chini ya kombe la bega na kuishia juu ya sehemu iliyojaa ya makalio. Mbele tunashona dati mbili za sentimita 2.5, jumla 5. Zinakaa chini ya titi na lazima ziishie sentimita 2 au 3 kabla ya kufika kwenye ncha yake. Ukijumlisha 6, 7 na 5 unapata 18.

Kumbuka kwamba dati hushonwa kitambaa kikiwa kimekunjwa. Dati ya kuondoa sentimita 3.5 hushonwa sentimita 1.75 tu kutoka kwenye mkunjo. Anayesahau hilo huondoa mara mbili ya alichokusudia, na gauni lililokuwa halibani linakuwa la kubana.

Zishikize dati zote kwa pini kwanza, au zishonwe kwa mkono kwa hatua ndefu, kisha uvae, ukae kwenye kiti, uinue mikono na uiname. Ukiona mikunjo midogo inayochomoza kama pua kwenye ncha ya dati ya mbele, dati imepanda mno, ishushe. Ukiona kitambaa kimevutika katikati ya dati baada ya kushonwa, pengine haikukatwa mchano mdogo pale palipo pana zaidi. Dati yenye ncha mbili inahitaji mchano huo ili ilale vizuri, usifike tu kwenye mshono.

Sasa kuna jambo ambalo fundi mzuri atakuuliza kabla hajagusa mkasi: gauni linafungukia wapi? Nguo ya kuvaa kwa kupitisha kichwani inaweza kuwa na kiuno cha 98 kwa sababu hiyo hiyo, ipite mabegani na kifuani. Kiuno cha 80 hakitapita kwenye kifua cha 100. Gauni hilo linahitaji zipu, ama mgongoni, ama ubavuni kuanzia karibu na kwapa hadi chini ya kiuno. Kama hutaki zipu, tumia njia nyingine: acha mbele na dati zake, lakini nyuma weka lastiki kwenye upana wa mgongo tu, au kamba mbili zinazotoka kwenye mishono ya ubavuni na kufungwa nyuma. Mbele panabaki laini, nyuma panajikusanya, na ukifungua kamba nguo inapita. Kwa nguo za kila siku mimi napenda kamba za nyuma kuliko zipu, kwa sababu unaweza kuzilegeza jioni.

Dalili: umeondoa kitambaa kilichozidi, lakini kiuno bado hakionekani, au nguo inang'ang'ania mwilini ingawa ni pana

Hapa chunguza kitambaa chenyewe. Kishike katikati kwa vidole viwili, ukiinue, ukiache kianguke. Kikitawanyika na kusimama mbali na mkono wako, ni kigumu. Kikianguka kwa mikunjo myembamba inayoelekea chini, ni chepesi kuanguka. Vyote viwili vinafaa, ila kila kimoja kina njia yake ya kuonyesha kiuno, na kuvichanganya ndiyo chanzo cha tatizo.

Kitambaa kigumu, kama kitani kizito, jinzi au pamba nene, kinashika umbo kinaloshonewa. Ukikishonea dati na mishono ya wima, kitachora kiuno bila kugusa ngozi. Ila usikipe marinda wala kamba ya kukikusanya kiunoni, kwa sababu mikunjo yake itasimama na kuongeza unene pale pale unapotaka wembamba. Kitambaa kinachoanguka, kama krepu, viskosi iliyofumwa au sufu nyepesi, kinafanya kinyume. Kinakusanywa kwa kamba au marinda madogo bila kujaza, na uzito wake unakivuta chini juu ya makalio. Kwa kifupi, ugumu wa kitambaa ukiongezeka, ongeza mishono. Ulaini ukiongezeka, kamba inatosha.

Kinachong'ang'ania ni jambo jingine. Kama nguo ni pana lakini inajibandika mapajani na tumboni unapotembea, mara nyingi ni umeme tuli wa vitambaa vya polista, hasa hewa inapokuwa kavu. Lowesha viganja kidogo, uvipitishe ndani ya nguo. Ikiachia kwa muda, umejua sababu. Dawa ya kudumu ni shimizi au bitana ya pamba au viskosi. Isipoachia, basi kitambaa ni chembamba mno kwa mkato huo, au ni cha kufumwa kwa kuvutika na kazi yake ni kufuata mwili. Hicho hakirekebishiki kwa kupanuliwa. Ukikipanua kitaning'inia na bado kitagusa kila kilima.

Dalili: mshono wa kiuno uko sawa nyuma, lakini mbele umepanda

Simama ubavu mbele ya kioo ukiwa na uzi wako kiunoni. Kama mshono wa gauni unalingana na uzi mgongoni lakini mbele uko juu yake, kifua ndicho kilichoula urefu wa kitambaa. Kitambaa kinapita juu ya kilima kabla ya kurudi kiunoni, na njia hiyo ni ndefu kuliko ile ya mgongoni. Jicho husoma mshono uliopanda kama ndiko kiuno kilipo, kwa hiyo kiwiliwili kinaonekana kifupi na tumbo linaonekana limeanzia juu.

Anza na sindiria kabla ya kulaumu nguo. Ikiwa ncha ya titi iko chini sana ya katikati ya bega na kiwiko, kaza mikanda ya mabegani au badilisha sindiria. Kifua kikiinuka, nafasi kati ya chini ya titi na kiuno inarudi, na nafasi hiyo ndiyo inayoonyesha umbo. Nimeona magauni yakiokolewa na hatua hii peke yake.

Kama bado mshono uko juu, pima kutoka begani karibu na shingo, juu ya ncha ya titi, mpaka kwenye uzi. Kisha pima njia hiyo hiyo kwenye gauni mpaka mshononi. Tofauti ya sentimita moja unaweza kuishi nayo. Ikifika 3, gauni hilo halitarekebishwa kwa sababu hakuna kitambaa cha kuushushia mshono. Akiba ya mshono kwa kawaida haizidi sentimita 1.5. Usilinunue. Chagua gauni lisilo na mshono wa kiunoni, linalopata umbo kwa dati au kwa mishono mirefu inayotoka begani kwenda chini, au tenganisha blauzi na sketi. Ukishonewa, mwambie fundi aongeze urefu kipande cha mbele peke yake, na ziada hiyo aifunge kwenye dati ya ubavuni inayoelekea titini. Bila dati hiyo, urefu ulioongezwa utakuwa mkunjo chini ya kwapa.

Dalili: umefunga mkanda, lakini kitambaa kimejikusanya au mkanda unapanda

Mkanda hupewa kazi ambayo si yake. Unaonyesha mahali kiuno kilipo, hauondoi kitambaa. Ukiufunga juu ya gauni lenye nafasi ya sentimita 24, hizo 24 zinabaki pale zikiwa mikunjo, na kwenye kitambaa kigumu mikunjo hiyo inajaza kiuno ulichotaka kukionyesha. Punguza nguo kwanza mpaka nafasi iwe chini ya 10 hivi, au ufunge mkanda kwenye kitambaa kinachoanguka peke yake. Ukishaufunga, sukuma mikunjo ya mbele kuelekea ubavuni na mgongoni, ili mbele pabaki pametulia.

Mkanda unaopanda una sababu mbili. Ya kwanza ni upana. Pima kutoka mbavu ya mwisho hadi juu ya mfupa wa nyonga. Kama hapo pana sentimita 5, mkanda wa 6 hauna pa kukaa. Utasukumwa juu kila unapokaa. Mwenye nafasi fupi avae wa sentimita 2 au 3. Sababu ya pili ni ugumu. Chini ya kiuno mwili wa namba nane unapanuka haraka, na mkanda mgumu ulionyooka unakubana ukingo wa chini huku ukingo wa juu ukielea. Unatafuta mahali pa kulala sawasawa, na mahali hapo pako juu. Tumia mkanda laini wa kitambaa, au uliokatwa kwa kupinda, wenye ukingo wa chini mrefu kuliko wa juu.

Kabla ya kuamua kuwa mkanda ndio wenye kosa, tazama makalio. Kama gauni lenyewe linapanda pamoja na mkanda na kutengeneza mikunjo ya mlalo juu ya makalio, limebana pale. Livute chini, utembee hatua chache. Likirudi juu, achia mishono ya ubavuni kwenye makalio kama ina akiba. Nguo hutafuta sehemu nyembamba inayoienea, na ikikosa nafasi chini hupanda kujaza kiuno.

Dalili: suruali au sketi inaacha mwanya mgongoni

Ukikaa, mkono mzima unapita. Nunua kwa kipimo cha makalio kila mara, kisha upunguze kiuno. Usifanye kinyume, kwa sababu makalio yakibana mifuko itafunguka na kitambaa kitavutika mapajani. Fundi anaweza kuondoa sentimita 4 hivi kwenye mshono wa katikati nyuma. Akizidisha, mifuko ya nyuma inakaribiana na mshono unaopita kati ya miguu unapinda vibaya. Kwa tofauti kubwa zaidi, ukanda utolewe, zishonwe dati mbili nyuma, na ukanda urudishwe ukiwa umekatwa kwa kupinda.

Blauzi ya kuchomekea ndani ya suruali hiyo nayo iwe na dati zake. Blauzi pana iliyochomekwa hutoka kidogo kidogo kila unapoinua mikono na kufunika ukanda, na saa chache baadaye kiuno hakipo tena. Iwe ndefu angalau sentimita 15 chini ya uzi, ili mikono ikiinuka isichomoke. Juu ya hayo yote, koti au sweta liishie kwenye uzi au liachwe wazi mbele. Lililofungwa na kushuka moja kwa moja mpaka kwenye makalio litafunika kazi yote ya chini yake, isipokuwa kama lenyewe lina dati.